Bakuli Lilazwe kwa Ubavu

"Vizuri ni vipi?" aliniuliza yule msichana wa idara ya ubora, kidole chake kikiwa kimetua juu ya daftari langu.

Nilimwangalia kwanza. Miaka ishirini na sita nimeosha vifaa vya upasuaji, nimevitakasa kwa mvuke, nimevikabidhi thieta vikiwa vimefungwa kama zawadi za harusi, halafu mtoto aliyezaliwa baada ya mimi kuanza kazi ananiuliza vizuri ni vipi.

"Vizuri ni vizuri," nikamwambia. "Unaosha hadi kiwe safi."

"Na safi ni vipi, mum?"

Jina lake Joyline Awiti. Alikuwa na tabasamu la mtu asiyechoka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Watu wasiochoka ni hatari sana kazini.

Hospitali yetu ni ndogo, vitanda thelathini na viwili, hapa Nairobi, nyuma ya Adams Arcade ukiingia ile barabara yenye miti ya jakaranda. Mwisho wa Oktoba wakaguzi walikuwa wanakuja, na meneja wetu, Bwana Clifford Obuya, alikuwa amegundua kwamba chumba changu hakikuwa na utaratibu rasmi wa kazi ulioandikwa, ule wanaouita SOP. Kilichokuwapo ni daftari langu la kurasa nane, nililoliandika kwa Kiswahili ili mtu yeyote aelewe, na nakala yake iliyobandikwa ukutani juu ya sinki. Joyline alitumwa ageuze maandishi hayo yawe waraka wenye hatua zilizopewa namba, na pembeni ya kila hatua safu inayotaja mhusika wake.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuvumilia maswali. Desemba nafikisha miaka sitini. Clifford aliniita ofisini akaniambia waraka mpya utataka msimamizi wa kitengo, na kwamba msimamizi huyo anaweza kuwa mimi, kwa mkataba wa miaka miwili zaidi. "Wewe maliza hiyo SOP na Joyline, tukipita ukaguzi nakupatia barua," alisema. Sikumwonyesha jinsi nilivyofurahi. Nyumbani kwangu ni chumba kimoja cha uani, nyuma ya nyumba ya watu huko Muthangari. Mume wangu Nzuki nilimzika Februari. Mwanangu Masila yuko Doha na hupiga simu Ijumaa akikumbuka. Kukiwa hakuna hospitali ya kwenda asubuhi, sijui ningekuwa naamkia nini. Nasema hivyo bila haya.

Basi tukaanza. Pale nilipoandika "osha vizuri", Joyline alitoa hatua tano. Kwanza, muuguzi wa thieta afute damu nzito mara upasuaji unapoisha, anyunyizie vifaa visikauke, avilete kwenye chombo chenye kifuniko. Pili, msaidizi avae glavu nene, aproni, barakoa na miwani kabla ya kugusa chochote. Tatu, kila kinachofunguka kifunguliwe na kila kinachotenganishwa kitenganishwe. Nne, vilowekwe kwenye maji vuguvugu yenye dawa ya vimeng'enya, ile inayolegeza damu, kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Tano, visuguliwe kwa brashi chini ya maji, visisuguliwe juu yake, ili matone yasimrukie mtu usoni.

"Kwa nini vuguvugu?" akauliza.

"Maji ya moto yanagandisha damu kwenye chuma. Ni kama yai kwenye kikaango, likishashika umeshachelewa."

Akaandika. Nikakiri moyoni kwamba ilipendeza kuona kitu nilichokuwa nakijua kwa vidole kikikaa kwenye mstari.

Tulipofika kwenye klorini tukagombana. Daftari langu lilianza na ndoo ya maji ya klorini, vifaa vikae humo dakika kumi kabla ya kuoshwa, kama tulivyofundishwa sote enzi zile. Joyline akasema hiyo imeshaachwa, kwamba klorini inakula chuma na haisafishi kitu chenye damu. Nikamwambia alete ushahidi. Akaleta, na mwongozo ulikuwa wazi. Nikachukua mkasi mmoja wa zamani, nikauona ulivyo na vidonda vidogo vyekundu vya kutu karibu na skrubu, vidonda ambavyo kwa miaka nilikuwa nailaumu kampuni iliyoutengeneza kwa ajili yake. Nikakata ule mstari mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Safu ya mhusika ndiyo iliyoniuma kwa namna nyingine. Siku ya pili Joyline aliniachia karatasi nizijaze mwenyewe, na nikajaza jina langu. Kuosha, Kaluki. Kukagua kwa lenzi, Kaluki. Kupaka mafuta kwenye maungio, kuhesabu, kufunga pakiti, kupakia mashine, kuandika kwenye rejista, Kaluki, Kaluki, Kaluki. Aliporudi akaisoma kutoka juu hadi chini.

"Mum, huwezi kuwa kila mtu."

"Sasa nimwandike nani? Humu ndani unaona mtu mwingine?"

"Majina haturuhusiwi, tunaandika cheo. Na mwenye kuosha asiwe ndiye anajikagua. Lazima kuwe na macho mawili mengine."

Nilitaka kumwambia kwamba macho hayo mawili yalikuwapo, na kwamba yaliondoka Machi. Sikumwambia. Alikuwa ameajiriwa Juni, hakumjua Were.

Were alikuwa msaidizi wa thieta. Mtu wa Busia, miaka arobaini hivi, mrefu, mpole kupita kiasi, mwenye sauti ya besi ya kwaya. Ndiye aliyekuwa ananiletea vifaa vichafu, na kwa miaka mitano alikuwa anasimama nami kwenye sinki tukisugua. Aliniita Mathe, yaani mama. Saa saba tulikula pamoja kwenye benchi la nje, yeye na ugali wake na omena, mimi na muthokoi yangu ya jana, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kila siku tulikuwa tunagombania chumvi. Alinichekesha kuliko mtu yeyote tangu nifike Nairobi. Ila otoklevu, ile mashine ya mvuke, sikumruhusu aiguse. Wala si yeye tu. Mashine ilikuwa yangu. Aliyekuwa anataka kujua inavyopakiwa nilimwambia asome ukutani.

Nzuki alipofariki niliondoka siku hiyo hiyo kwenda kumzika Mwingi, nikakaa huko wiki mbili. Kabla ya kuondoka nilimwambia Were, "Kila kitu kiko ukutani. Fuata vile nimeandika, usiongeze, usipunguze." Akaitikia. Ndani ya wiki hizo mbili akina mama watatu waliojifungua kwa upasuaji walirudi na vidonda vilivyooza. Wawili walipona kwa dawa. Wa tatu ilibidi apasuliwe tena, akakaa wodini mwezi mzima mtoto wake akinyonyeshwa kwa chupa. Kamati ikaitwa. Daktari alisema kidonda kinaweza kuharibika kwa njia nyingi, lakini wote watatu walipasuliwa kwa seti zilizotakaswa nilipokuwa sipo, na kamati ilikuwa inatafuta jibu fupi.

Waliniuliza swali moja tu. Maandishi yangu yalikuwa kamili?

Nilikuwa nimetoka kuzika. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, na hapo mtu ananiuliza kama kazi yangu ni kamili. Nikajibu, "Kila kitu kimeandikwa. Mtu akifuata, hakosei." Were alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Aliniangalia, kisha akaangalia mikono yake. Ijumaa ile akafukuzwa kazi, na ikaandikwa kwenye faili lake kwamba hakufuata maelekezo.

Tangu hapo nilikula chakula cha mchana ndani, nimesimama.

Rasimu ikafika hatua ishirini na mbili. Mimi nilidhani tumemaliza. Joyline akasema bado, lazima mtu asiyejua kazi aifuate neno kwa neno, na mimi ninyamaze.

"Ninyamaze vipi?"

"Ukae hapo kwa stuli, mum. Hata nikikosea usiseme. Nataka kuona kama ni karatasi inafanya kazi ama ni wewe."

Akavaa kila kitu, akafanana na mtu wa kupulizia dawa mashambani. Nikakaa kwenye stuli nimekunja mikono chini ya makwapa kuizuia. Na lazima niseme kweli, msichana alikuwa makini. Aliosha, akasuuza mara mbili, mara ya mwisho kwa maji yaliyochujwa. Akakausha. Akachukua lenzi akakagua meno ya kila koleo, akazipanga zikiwa wazi, hazijafungwa, ili mvuke ufike kwenye maungio. Akahesabu kwa orodha. Akazifunga kwa vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine. Akabandika tepu, akaandika jina la seti, tarehe, namba ya mzunguko na herufi za jina lake. Ndani ya kila pakiti aliweka kiashiria, kile kikaratasi chenye rangi inayotambaa hadi sehemu salama mvuke ukifanya kazi sawasawa. Vikaratasi hivyo tulianza kuvinunua baada ya yale ya Machi. Kabla ya hapo tulikuwa tunaamini tepu ya nje tu, na tepu hukwambia pakiti imepita kwenye joto, haikwambii kilichotokea ndani.

Kisha akasoma hatua ya kumi na sita kwa sauti. "Panga pakiti ndani ya mashine. Zisibanane, zisiguse kuta." Maneno hayo yalikuwa yangu, yametoka kwenye daftari kama yalivyo.

Akapanga. Hazikubanana, hazikugusa kuta. Trei za vifaa akazilaza, sawa kabisa. Pakiti yenye bakuli kubwa, lile la kuwekea maji ya chumvi na pamba wakati wa upasuaji, akaiweka imekaa kitako, mdomo wa bakuli ukitazama juu. Mtu yeyote angeiweka hivyo. Bakuli ndivyo linavyokaa mezani.

Nilisimama. Nikakumbuka nimekatazwa kusema, nikakaa tena. Lakini macho yangu hayakubanduka kwenye ile pakiti, na sikuwa nimeelewa bado kwa nini.

Nyuzi mia na ishirini na moja, dakika thelathini, kisha dakika ishirini za kukausha. Tulingoja. Joyline akafungua mlango, akaacha pakiti zipoe, akazifungua moja moja mezani. Tepu zote zilikuwa na mistari myeusi. Kiashiria cha trei ya kwanza, salama. Cha pili, salama. Cha ndani ya bakuli, rangi ilikuwa imetambaa kidogo tu ikakwama.

"Mashine imeharibika?" akauliza.

"Hapana."

Nikachukua bakuli lingine, nikalifunga, nikaweka kiashiria, nikapakia mzigo mwenyewe. Sikufikiri. Mkono ulichukua pakiti ukaisimamisha kwa ubavu, mdomo wa bakuli ukitazama pembeni na kuinama kidogo. Tukaendesha tena mzunguko ule ule. Rangi ikafika mwisho.

Mashine yetu ni ya zamani, haina pampu ya kunyonya hewa. Mvuke unaingia kwa juu unaisukuma hewa chini hadi itokee kwenye tundu la sakafuni. Hewa ni nzito kuliko mvuke. Ukiliweka bakuli likitazama juu, hewa inatuama ndani yake kama maji, na mvuke hauwezi kuitoa. Nilijua hivyo tangu nikiwa na miaka thelathini na nne. Mzee Karanja aliyenifundisha kazi aliwahi kunipiga mkono siku niliyoliweka vibaya, akaligeuza bila kueleza, na tangu siku ile mkono wangu haujakosea hata mara moja. Ndiyo maana sikuandika. Kitu ambacho mkono unakifanya wenyewe hukioni.

Were hakuwa amepigwa mkono na mtu. Alikuwa na ukuta tu.

"Hii ni muhimu sana," Joyline alikuwa anasema, anaandika haraka. "Tunaifanya iwe hatua yake. Kumi na saba. Mabakuli na vyombo vyote vyenye kina vilazwe kwa ubavu, hewa itoke. Mhusika, fundi wa utakasaji. Anayethibitisha, msimamizi wa kitengo, kabla mlango haujafungwa. Iko sawa?"

"Iko sawa."

"Mum, uko sawa?"

Nikamwambia ni joto.

Nilirudi Muthangari kwa miguu jioni ile, na nilipofika sikupika. Nilikaa kitandani nimevaa viatu. Nikajieleza mambo mengi. Kwamba hakuna aliyethibitisha ni bakuli. Kwamba kamati ndiyo iliyoamua, si mimi. Kwamba nilikuwa na msiba. Yote yalikuwa kweli, na hayakunisaidia kitu. Nilichokuwa nataka ni mtu wa kumwambia, na nilipopitisha watu wote ninaowajua mmoja mmoja, yule ambaye angenielewa mara moja, bila kuelezwa hewa ni nini wala mvuke ni nini, alikuwa Were. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Ningeweza kunyamaza. Hatua ilikuwa imeshaandikwa, wagonjwa wangekuwa salama, mimi ningepata barua yangu, na hakuna hata mtu mmoja mjini ambaye angejua.

Siku ya Alhamisi Joyline alileta waraka uliochapwa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jedwali ambalo sikuwa nimeliona: kilichobadilika, na sababu ya badiliko. Kila hatua mpya ilikuwa na mstari wake. Kwenye klorini alikuwa ameandika mwongozo uliotumika. Kwenye hatua ya kumi na saba aliacha wazi.

"Hiyo ni yako," akasema. "Wewe ndiye unajua ilitoka wapi."

Nikachukua kalamu. Niliandika polepole, kwa herufi zangu kubwa za shule ya msingi: *Hatua hii haikuwamo kwenye maandishi ya awali yaliyobandikwa ukutani. Mwandishi, Kaluki, aliisahau. Msaidizi Were aliyafuata maandishi hayo kama yalivyokuwa, Februari hadi Machi. Hakukosea kuyafuata.*

Joyline alisoma. Tabasamu likafutika usoni mwake kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Were ni nani?"

Nikamweleza yote, tumesimama pale pale kando ya sinki. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akachapa maneno yangu kama nilivyoyaandika, akaondoa jina langu na la Were tu akaweka vyeo, kwa sababu ndiyo sheria. Lakini akaniambia majina yataingia kwenye barua ya kuambatanisha, na kwamba barua ataiandika yeye.

Clifford alituita saa nane. Alikuwa na waraka mezani, na kidole kwenye jedwali la mwisho, karibu alitoboe.

"Kaluki, hii ni nini? Wakaguzi wakisoma hapa watauliza Machi kulifanyika nini."

"Wacha waulize."

"Andika 'kuboresha huduma'. Watu wote wanaandika hivyo."

"Siboreshi huduma. Nilisahau."

"Umesahau, sawa, tumekusamehe, umeweka. Kwani unataka nini tena?"

"Nataka faili la Were lisomeke vile kazi ilienda. Kama huo mstari utatoka, mimi sisaini."

Akazungusha kalamu. Si mtu mbaya, Clifford. Ni mtu anayeogopa simu za wakubwa. Akaniambia kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko kelele, kwamba hawezi kumweka kuwa msimamizi wa kitengo mtu ambaye waraka wenyewe unasema aliacha hatua. Wakaguzi watacheka. Atabidi aajiri mtu mwenye diploma, na mimi nitapumzika Desemba kama kawaida. "Fikiria hadi kesho," akasema.

"Nimefikiria," nikamwambia, nikasaini pale pale kwenye meza yake. Joyline akasaini baada yangu. Clifford akausoma ukurasa ule tena, kisha naye akasaini, na nadhani ni kwa sababu tulikuwa wawili. Barua ya kumwondolea Were kosa ikatoka Jumatatu, na juu yake mstari mmoja unaosema anaweza kuomba kazi yake tena. Nikaomba niipeleke mwenyewe.

Mlinzi wetu alijua Were alipo. Anafanya kazi kwenye kitalu cha miche huko Kitisuru, kwenye mteremko wa barabara ambako matajiri husimamisha magari kununua mawaridi ya kwenye vyungu. Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, nimevaa gauni langu la kanisani. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameinama anajaza udongo kwenye mifuko midogo myeusi, na alikuwa haimbi.

"Were."

Akainuka. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akanipa mkono, akaniletea ndoo iliyogeuzwa nikae. Adabu yake yote ilikuwapo. Nikamwambia haraka haraka kabla moyo haujarudi nyuma: jaribio, bakuli, hewa, mstari niliousahau. Nikampa barua. Akaisoma mara mbili, midomo yake ikitembea.

"Kwa hivyo ni bakuli," akasema.

"Ni mimi, Were. Bakuli halina kosa."

"Unajua nimekaa nikifikiria ni mikono yangu? Eti labda sikuosha poa. Hata hapa nikipanda mche ukikauka, najiambia, ndio hivyo, ni mikono." Akaikunja barua vizuri, akaitia mfukoni. "Yule mama wa tatu, nilienda kumwona wodi. Nikamwomba msamaha. Akanisamehe."

Sikujua hilo. Nilifunika uso kwa mikono.

"Utarudi?" nikamuuliza baadaye. "Wamesema unaweza kuomba. Sasa kuna watu wawili kwa kila mzigo, mmoja anapakia, mwingine anathibitisha. Imeandikwa. Mimi niko hadi Desemba, naweza kukufundisha mashine yote. Nilikuwa nimekosea kukunyima."

Gari lilisimama, mwanamke akauliza bei ya mchaichai, Were akamhudumia, akamfungia magazeti chini ya chungu, akarudi. Hakuketi.

"Kazi nitaangalia," akasema. "Kamati nayo sikuwa na shida nayo sana. Watu wa ofisi ni watu wa ofisi. Lakini wewe namba yangu unayo."

"Ninayo."

"Miezi saba. Nilikuwa nadhani utapiga. Hata kama ni mimi nilikosa, nilijua tu utapiga, uniulize nakula wapi siku hizi. Jumatatu hivi, saa saba ikifika, nilikuwa naangalia simu."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nakula nimesimama. Nilitaka kumwambia kuhusu kile chumba cha uani. Lakini hayo yalikuwa yangu, na yeye alikuwa ananiambia yake.

"Niliona aibu," nikasema.

"Ya nini, na ulikuwa unaamini ni mimi?"

Nilitazama mifuko ile myeusi iliyopangwa safu kwa safu na nikajitafuta kwa kweli, na nikaona kwamba tangu siku ile kwenye kamati sikuwahi kuamini, hata kwa nukta moja, kwamba Were angeweza kuacha kufuata kitu nilichomwambia afuate.

"Sikuamini," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Kisha akaniuliza kama nimekuja na maji ya kunywa, jua lilikuwa kali, akanichotea kikombe kutoka kwenye jagi lake. Nikanywa yote. Alipokipokea kikombe akaniambia ana mifuko mia mbili ya kujaza kabla ya saa kumi, akarudi kuinama kwenye udongo, nami nikabaki juu ya ile ndoo, kwa sababu hakuwa ameniambia niende.